Jibu ni la kweli, mbona kapata kosa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la saba hapa Temeke. Kwenye jaribio la Kiswahili walipewa ufahamu wa homa ya dengi, wakaambiwa wataje njia mbili za kujikinga. Akaandika kulala kwenye chandarua na kufyeka nyasi, zote akawekewa kosa. Mimi ni muuguzi, chandarua tunawahimiza wagonjwa kila siku. Jibu la kweli linakuwaje kosa? Na nimsaidieje? Sayansi anafaulu vizuri, ufahamu ndio unaomwangusha.

Jibu: Marahaba mama. Hilo la mwisho, kwamba sayansi anafaulu, ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Kosa hili huwapata zaidi watoto wanaojua mambo. Asiyejua chochote kuhusu dengi hana pa kukimbilia ila kurudi kwenye kifungu. Wako ana jibu tayari kichwani, mengine kayasikia kwa mama muuguzi, na shuleni tangu madarasa ya chini anafundishwa malaria: mbu, usiku, chandarua, madimbwi, nyasi. Alipoona "mbu" na "homa" kwenye aya moja, jibu lilimjia hata kabla hajamaliza kusoma.

Kinachopimwa kwenye ufahamu ni kile kifungu kilichosema, basi. Yale maagizo ya juu, "Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata", yanatawala kila swali lililo chini yake, hata lile lisilo na maneno "kwa mujibu wa kifungu". Msahihishaji naye ana mwongozo wa usahihishaji uliotokana na kifungu hichohicho. Akikuta chandarua na kufyeka nyasi, na kifungu hakikuvitaja kama njia za kujikinga, hana pa kuweka vema, hata kama yeye mwenyewe analala kwenye chandarua kila siku.

Kifungu chenyewe hukunitumia, kwa hiyo nimetunga kingine cha kufanana nacho tukifanyie kazi.

> Mvua za masika zilipokolea mwaka ule, wapangaji wawili wa nyumba moja ya Tandale walishikwa na homa kali, maumivu ya viungo na maumivu nyuma ya macho. Zahanati iliwapima malaria, ikaonekana hawana. Walipopelekwa hospitali ndipo ikabainika kuwa wana dengi.
>
> Nyuma ya nyumba hiyo kuna banda la muuza matairi yaliyotumika. Afisa afya wa kata alipofika hakuuliza habari za mitaro. Alikwenda moja kwa moja kwenye matairi, akainamisha moja, yakamwagika maji yenye viluwiluwi. Akaeleza kuwa mbu wa dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo, na huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. "Chandarua ni ngao ya usiku," alisema, "na huyu adui yenu hangoji usiku."
>
> Muuza matairi aliagizwa ayafunike matairi yake kwa turubai au ayatoboe ili maji yasikae. Wapangaji waliambiwa wafunike ndoo na mapipa yao, na wavae nguo zinazofunika mikono na miguu. Wiki tatu baadaye banda lilikuwa limefunikwa kwa turubai la buluu. Matairi mawili ya lori, ambayo turubai halikuyafikia, yalibaki nje.

Tuanze na swali jepesi: *Wapangaji waliagizwa kufanya mambo gani mawili?* Jibu liko wazi katika aya ya tatu: wafunike ndoo na mapipa, na wavae nguo zinazofunika mikono na miguu. Mtoto anayejibu kwa kumbukumbu ataandika chandarua. Hapo amekosa mara mbili, kwa sababu kifungu hakikunyamaza tu kuhusu chandarua, bali kimemweka afisa afya aseme kwamba kwa mbu huyu hakitoshi. Wewe kama muuguzi unajua kwamba anayelala mchana, na mgonjwa wa dengi mwenyewe asiumwe na mbu akawaambukiza wengine, chandarua kinawafaa. Ni kweli kabisa. Lakini ukweli huo uko zahanati kwako, kwenye hiki kifungu haumo.

Na katika swali hilohilo kuna mtego mdogo. Anayesoma haraka ataandika "kufunika matairi kwa turubai". Hilo limo kwenye kifungu, ila aliagizwa muuza matairi. Kwa hiyo kulikuta jambo kwenye kifungu hakutoshi, lazima liwe limesemwa kuhusu mtu yuleyule anayeulizwa. Watoto wengi wakishaelewa kwamba jibu limo humo ndani, wanaanza kuokota sentensi yoyote inayofanana na swali.

Sasa lile linalowasumbua hata walimu: *Kwa nini afisa afya hakuuliza habari za mitaro?* Ukitafuta "kwa sababu" kwenye kifungu huipati. Mtoto akishaambiwa "jibu litoke kwenye kifungu tu", anaweza kuduwaa hapa, au akatunga: mitaro ilikuwa imesafishwa, afisa alikuwa na haraka. Jibu linapatikana kwa kuunganisha sentensi mbili. Moja inasema hakuuliza mitaro, akaenda kwenye matairi. Nyingine inasema mbu huyu hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo. Basi hakuuliza mitaro kwa sababu mazalia aliyokuwa akiyatafuta ni maji ya kwenye vyombo. Hakuna kilichotoka nje.

Hapa nikueleze jambo ambalo wengi hulifundisha nusu. Kumwambia mtoto "sahau yote unayoyajua" ni kumpotosha, kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma kwa kichwa kitupu. Lazima ajue mtaro ni nini, ajue kwamba tairi lililolazwa nje hukinga maji ya mvua, na kwamba chandarua watu hukitumia wakilala. Kifungu hakikumweleza hayo, na bila hayo hakielewi. Anachojua kinaruhusiwa kumsaidia kuelewa maneno na kuunganisha sentensi. Kisichoruhusiwa ni kuongeza hoja ambayo mwandishi hakuileta.

Uone mpaka huo kwa swali hili: *Je, wiki tatu baadaye hatari ya dengi ilikuwa imekwisha katika nyumba ile? Thibitisha.* Mtoto wa kwanza anasema haikuwa imekwisha, kwa sababu matairi mawili ya lori yalibaki nje bila kufunikwa, na hatujaambiwa kwamba yalitobolewa. Huyu ametumia ujuzi wa kawaida tu, kwamba tairi la wazi hujaa maji wakati wa masika, na ushahidi wake ni sentensi ya mwisho ya kifungu. Apewe alama zote. Wa pili anasema haikuwa imekwisha, kwa sababu mayai ya mbu wa dengi huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa yakipata maji. Huyu anajua sayansi kuliko mwenzake, na aliyosema ni kweli, lakini kwenye kifungu hakuna yai hata moja lililokauka. Nusu ya kwanza ya jibu lake ni sahihi kwa bahati. Uthibitisho, ambao ndio wenye alama, umekosekana. Mtoto wako, kwa jinsi ulivyomweleza, angekuwa huyu wa pili.

Swali la msamiati nalo lina namna yake. *Neno "zilipokolea" kama lilivyotumika katika kifungu lina maana gani?* Nyumbani kinachokolea ni chumvi kwenye mchuzi, sukari kwenye chai, au rangi kwenye kitenge. Mtoto akiandika "kuwa na ladha ya kutosha" ametoa maana ambayo kamusi ingemkubalia na kifungu kikaikataa. Hapa mvua zimekolea, yaani zimezidi, zimeshika kasi. Dawa ni kuchukua maana aliyoiandika na kuirudisha kwenye sentensi badala ya lile neno, kisha aisome kwa sauti. "Mvua za masika zilipokuwa na ladha ya kutosha" itamchekesha mwenyewe na ataifuta.

La mwisho ni lako, mama. *Wapangaji wale walitibiwaje?* Ninaamini umeshajibu: wanywe maji mengi, wapewe parasetamoli, wasipewe aspirini kwa kuogopa kutoka damu. Sasa rudi kwenye kifungu utafute. Kimetuambia walipimwa, wakapelekwa hospitali, ikabainika wana dengi, kikaishia hapo. Jibu sahihi ni "Kifungu hakikueleza." Kwenye mtihani wa kuandika swali la namna hii ni nadra, lakini kwenye maswali ya kuchagua linakuja likiwa limejificha, pale unapoambiwa uchague sentensi iliyo sahihi kwa mujibu wa kifungu. Katika machaguo kutakuwa na moja ambayo ni kweli duniani ila haimo kwenye kifungu, na mtunzi ameiweka makusudi. Mara nyingi huwa ndiyo sentensi nzuri kuliko zote, fupi na yenye kufahamika, kama bango la ukutani zahanati. Mtoto akikuta chaguo linalofanana na bango, alitilie shaka kwanza.

Nimsaidieje, umeuliza. Kabla ya kumsaidia mpime, ili ujue kama tatizo ni hili kweli. Chukua ufahamu mmoja kutoka karatasi ya zamani, funika kifungu kwa daftari, mwachie maswali peke yake. Mwambie ajibu kwa penseli anavyodhani. Atalalamika kwamba hajasoma, mwambie abahatishe. Kisha funua, asome, ajibu upya kwa kalamu pembeni ya yale ya mwanzo. Uangalie yale maswali ambayo jibu la penseli na la kalamu ni lilelile, na lilelile ni kosa. Hapo ndipo kichwa kilipomshinda mwandishi, amesoma na kusoma hakukubadilisha kitu. Ukikuta amekosa mengi ila majibu yamebadilika, tatizo lake ni jingine: huenda hasomi kwa ufasaha, au maneno magumu yamemzidi. Mtoto akikutana na maneno mengi asiyoyajua hushika lile moja analolijua na kujijazia mengine mwenyewe. Kwa nje kosa linafanana na la mwanao, lakini huyo anahitaji kusoma zaidi na kujengewa msamiati, na mazoezi ninayokueleza hapa hayatamfaa sana.

Kama tatizo ni hili lako, zoezi lake ni moja na linachosha: kidole. Kila jibu analotoa, mwambie "nionyeshe mstari". Aweke kidole kwenye sentensi iliyompa jibu. Kwa swali kama lile la mitaro aweke vidole viwili, kimoja kwa kila sentensi aliyoiunganisha. Akiweka kidole kwenye sentensi inayosema jambo jingine, mwache aisome kwa sauti, mara nyingi atajisahihisha. Akikosa pa kuweka kidole akasema "najua tu", jibu hilo linafutwa, hata kama ni kweli tupu. Kwenye mtihani kidole kinakuwa penseli: aandike namba ya swali pembeni ya mstari uliotoa jibu, kwa wepesi. Itakapobaki namba isiyo na mstari, hapo ndipo pa kurudi wakati wa kupitia.

Zoezi la pili ni la kufurahisha na ndilo linalowasaidia zaidi wale wajuaji. Mtungie habari fupi inayokwenda kinyume na anachokijua. Kwa mfano: "Mvuvi alifika Soko la Feri alfajiri na pweza mkubwa. Minyiri miwili ilikuwa imekatika alipokuwa akimtoa mwambani, kwa hiyo mnunuzi alilipa pungufu." Muulize, mnunuzi alipewa pweza mwenye minyiri mingapi? Akisema minane kwa haraka umemnasa. Sita ndiyo sahihi, na uone jinsi ilivyopatikana: nane ametoka nayo kichwani, mbili kampa mwandishi. Huo ndio mpaka niliokueleza juu, ujuzi wake umetumika, lakini kifungu ndicho kilichoamua. Tunga za namna hii ukiwa jikoni au kwenye daladala, sentensi tatu zinatosha. Daladala iliyokwenda Mbagala bila kusimama Rangitatu, ugali uliopikwa ukaachwa mbichi, mtoto aliyevaa sweta mwezi wa kwanza. Kila habari iwe na kitu kimoja ambacho mazoea yanakikataa, na swali liulize hichohicho.

Kuna jambo moja ningependa uliache, na kwa kazi yako najua si rahisi. Akikosa ufahamu wa ugonjwa, usimfundishe ugonjwa. Ukimweleza dengi usiku mzima, kesho atakuwa na mengi zaidi ya kuongeza kwenye karatasi. Dengi ifundishwe siku nyingine, kwenye sayansi.

Mweleze pia maana ya agizo "jibu kwa maneno yako mwenyewe", kwa sababu linawachanganya. Wengi husoma hapo kama wameruhusiwa kutoa mawazo yao. Maneno ni yake, hoja ni ya mwandishi. Kifungu kinaposema "ayafunike matairi kwa turubai au ayatoboe ili maji yasikae", anaweza kuandika "aweke turubai juu ya matairi, la sivyo ayatie matundu maji yavuje". Akiongeza "na apulize dawa", ameshatoka nje ya kifungu. Kunakili aya nzima nako hakumsaidii: msahihishaji akikuta jibu limezikwa katikati ya sentensi nne hawezi kujua kama mtoto ameliona.

Yapo maswali yanayomruhusu kutoka nje, nayo hujitambulisha: "kwa maoni yako", "wewe ungefanyaje", "unadhani", "mbali na njia zilizotajwa katika kifungu, taja nyingine mbili". Hilo la mwisho ndilo ambalo chandarua na kufyeka nyasi vingekuwa na nafasi, na hata hapo nyasi ningezijadili na mwalimu, maana mbu wa dengi hutafuta vyombo vyenye maji zaidi ya majani. Mzoeshe apigie mstari maneno hayo ndani ya swali kabla hajajibu. Asipoyaona, anabaki ndani ya kifungu.

Kuhusu mwalimu wake, sitamlaumu kabla sijaona karatasi. Kama kifungu kilitaja njia za kujikinga na mtoto akaandika nyingine, usahihishaji ni halali. Lakini yapo maswali mabovu, na sisi walimu huwa tunayatunga tukiwa na haraka: kifungu kinataja njia moja, swali linadai mbili. Hapo mtoto hana la kufanya ila kuongeza ya kichwani, na kumnyima alama ni uonevu. Kwa hiyo omba kifungu chenyewe, kaa na mwanao, mwambie aweke kidole kwenye njia ya kwanza, kisha ya pili. Akizipata zote mbili, kosa ni lake na zoezi limeanza. Mkitafuta wote wawili msiione ya pili, nenda shuleni na karatasi ileile mkononi, umwombe mwalimu kwa upole aweke kidole yeye.